Taarifa moja ya malipo ikifika mara mbili: nilivyoizuia isiandikwe mara mbili

Nilikabidhiwa mfumo wa ada wa shule moja ya sekondari, ulioandikwa na mtu mwingine, baada ya mhasibu kuona kwamba ada iliyoandikwa kwenye mfumo ilikuwa kubwa kuliko fedha zilizoingia benki. Mzazi mmoja alikuwa amelipa shilingi 350,000 kwa simu, na mfumo ukamwandikia 700,000. Mhasibu alidhani kuna wizi. Nilipofungua kumbukumbu za seva niliona kwamba taarifa ya malipo yale, yenye namba ileile ya muamala, ilikuwa imeingia mara mbili kwa tofauti ya sekunde chache.

Wengi niliowauliza waliniambia niilalamikie kampuni inayotuma taarifa, nami sikukubaliana nao. Anayetuma taarifa husubiri jibu kutoka kwenye seva yako, na lisipofika ndani ya muda aliouweka, hana namna ya kujua kama taarifa ilipotea njiani au ilifika na jibu ndilo lililopotea. Akinyamaza, huenda malipo ya mtu yasiandikwe kabisa. Kwa hiyo hutuma tena. Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, kwa mfano, wanaeleza wazi katika maelekezo yao kwamba tukio moja linaweza kukufikia zaidi ya mara moja, na kwamba wataendelea kujaribu kulifikisha hadi siku tatu. Kuhakikisha kwamba taarifa iliyorudiwa haiongezi kitu ni kazi ya anayepokea.

Kwetu sababu ya kurudiwa ilionekana upesi. Msimbo ulikuwa unaandika malipo, unapunguza deni la mwanafunzi, unamtumia mzazi ujumbe mfupi wa shukrani, na baada ya yote hayo ndipo unajibu `200`, yaani taarifa imepokelewa salama. Huduma ya ujumbe mfupi ikizubaa, mtumaji wa taarifa anachoka kusubiri na kutuma nyingine, huku ile ya kwanza bado inashughulikiwa.

Hapo ndipo ushauri mbaya ulipoanza kumiminika. Mmoja alisema nipuuze malipo yoyote yanayotoka kwenye simu ileile, kwa kiasi kilekile, ndani ya dakika tano. Ushauri huo ungewaumiza wazazi, maana mwenye mapacha kidato kimoja hulipa kiasi kilekile mara mbili mfululizo, na hizo ni fedha mbili tofauti zenye namba mbili tofauti za muamala. Kiasi, simu na saa havitambulishi muamala. Kinachoutambulisha ni namba aliyoutolea yule anayeushughulikia.

Ushauri wa pili ulikuwa mgumu zaidi kuukataa, kwa sababu unaonekana sahihi: kabla ya kuandika, tafuta kwanza kama namba hiyo ipo; ikiwepo, acha. Niliandika hivyo kwenye seva ya majaribio, nikatuma taarifa, nikaituma tena, na ya pili ikakataliwa vizuri. Aliyenishauri aliridhika. Mimi sikuridhika, kwa kuwa kwenye kumbukumbu za seva zile taarifa mbili zilikuwa zikishughulikiwa kwa wakati mmoja, ilhali sisi tulizituma kwa zamu.

Nikatumia mbinu ambayo tangu hapo naitumia kila mahali. Kati ya kutafuta na kuandika niliweka `SELECT pg_sleep(3)`, ili ule upenyo wa sehemu ndogo ya sekunde uwe wa sekunde tatu, kisha nikatuma taarifa ileile kutoka madirisha mawili, moja baada ya jingine bila kusubiri. Ya kwanza ilitafuta namba, ikaikosa, ikalala. Ya pili ikatafuta, nayo ikaikosa, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa haijaandika kitu. Zilipoamka zote mbili ziliandika, na mwanafunzi wa majaribio akapunguziwa deni mara mbili mbele ya macho yetu. Aliyenishauri alirudia jaribio mwenyewe, akapata matokeo yaleyale, na mjadala ukaishia hapo.

Dawa ni kuipa hifadhidata yenyewe kazi ya kukataa, kwa sababu ndiyo inayoziona taarifa zote mbili kwa pamoja. Tunatumia PostgreSQL, basi niliweka sharti hili:

```sql
ALTER TABLE malipo
  ADD CONSTRAINT malipo_muamala_pekee
  UNIQUE (lango, namba_ya_muamala);
```

Safu ya `lango` imo kwa sababu shule inapokea fedha kupitia zaidi ya kampuni moja, na hakuna anayezuia kampuni mbili kutoa namba zinazofanana. Kisha kazi ya kupokea ikawa hivi:

```sql
BEGIN;
INSERT INTO malipo (lango, namba_ya_muamala, mwanafunzi_id, kiasi)
VALUES ($1, $2, $3, $4)
ON CONFLICT (lango, namba_ya_muamala) DO NOTHING
RETURNING id;
-- endelea hapa ikiwa tu id imerudi
UPDATE ada SET deni = deni - $4 WHERE mwanafunzi_id = $3;
COMMIT;
```

Taarifa mbili zikifika pamoja, ya pili husimamishwa kwenye `INSERT` mpaka ya kwanza imalize. Ya kwanza ikifika `COMMIT`, ya pili hairudishiwi `id` yoyote, na deni haliguswi. Ya kwanza ikikwama na kufutwa, ya pili ndiyo huandika. Nilirudia jaribio nikiwa nimeiweka `pg_sleep` baada ya `INSERT`, nikaliona dirisha la pili likisubiri kimya hadi la kwanza lilipomaliza.

Angalia kwamba kuandika malipo na kupunguza deni viko kati ya `BEGIN` na `COMMIT` moja. Ukivitenganisha, na seva ikazimika katikati, malipo yatakuwa yameandikwa na deni halijapungua. Taarifa ikirudiwa itaonekana ni marudio, itaachwa, na mzazi aliyelipa atabaki anadaiwa. Kosa hilo ni baya kuliko lile la kwanza, kwa sababu taarifa ya kurudiwa, ambayo ingeweza kumwokoa, ndiyo inayotupwa.

Marudio nayo yajibiwe `200`. Niliona mahali fulani watu wanajibu kwa kosa ili kumjulisha mtumaji kuwa wameshaipokea, naye akasoma kuwa imeshindikana na kuendelea kutuma. Ujumbe wa shukrani niliuondoa kwenye njia hii: ombi la kuutuma huandikwa kwenye jedwali la foleni ndani ya `COMMIT` ileile, na programu nyingine huutuma baadaye. Tangu hapo jibu letu hurudi haraka na marudio yamepungua sana, ingawa hayajaisha.

Kitu kimoja sikukiachia hifadhidata iamue peke yake. Namba ikiwa ileile lakini kiasi kikatofautiana na kilichoandikwa, hayo si marudio. Msimbo hulinganisha viwili hivyo, na visipofanana taarifa huwekwa kando ili mhasibu aiangalie kwa macho.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya kusafisha, nayo ndiyo iliyokula muda mwingi zaidi. Sharti lile lilikataa kuwekwa kwenye data halisi, likisema `could not create unique index "malipo_muamala_pekee"`, kwa kuwa marudio ya zamani bado yalikuwamo. Mhasibu hakutaka mistari ifutwe, kwani risiti zilikuwa zimeshachapishwa, nami niliona ana haki. Kila mstari uliorudiwa tuliongezea maneno `-MARUDIO` na namba ya mstari mwishoni mwa namba ya muamala, tukaandika mstari mwingine wa kiasi hasi wenye namba yake ili kuutengua, na deni la mwanafunzi likarudishwa pale lilipostahili. Sharti likakubali. Mhasibu akaweka taarifa ya benki kando ya orodha mpya, akapitia muhula mzima mstari kwa mstari, na safari hii jumla zikalingana.