Siku moja na fundi vidhibiti: ufagio, bomba na sekunde 6

Nikisema najifunza ufundi wa vidhibiti, watu hudhani nashinda nikibonyeza vitufe kwenye chumba chenye kiyoyozi. Ukweli ni kwamba muda mwingi niko chini ya mabomba, tochi mdomoni.

Saa 1 asubuhi. Kusoma daftari la zamu, kukagua mita, kufuta vumbi kwenye makabati ya umeme. Hadi saa 3 hakuna cha kusimulia.

Saa 3 simu ikaanza. Mhudumu wa zamu kwenye kitengo kinachotumia maji ya moto anataka nyuzi joto 60, anapata 64, kisha 56, kisha 63. Fundi mkuu akamwambia tunakuja. Baada ya dakika chache akapiga tena. Tukiwa ngazini akapiga tena, sasa akitufundisha kazi: "Ongezeni nguvu, hiyo vali ni mvivu!" Namuelewa, ana mabosi wake. Lakini kila simu ni kushuka ngazi, kuvua glavu na kusikia yale yale.

Kwenye skrini mchoro wa joto ulikuwa mawimbi, kilele hadi kilele karibu sekunde 50. Yalikuwa yanapungua taratibu mno, na mtu akifungua bomba tu yanaanza upya. Geini ya kidhibiti, yaani ukali wa kinavyosahihisha kosa la joto, ilikuwa 5. Fundi akaipandisha hadi 6 kwa muda mfupi: mawimbi yakaacha kabisa kupungua. Akairudisha haraka. "Umeona? Mwanya wa geini, nafasi iliyobaki kabla mawimbi hayajaacha kupungua, ni 6 kwa 5, yaani 1.2. Hata desibeli 2 hazifiki."

Nikaitikia kwa kichwa. Akajua sijaelewa.

Akachukua ufagio pembeni, akausimamisha kiganjani, macho kwenye ncha ya juu. Ukatulia. "Sasa nitaufanyia uvivu." Akawa anasogeza mkono kidogo kuliko inavyotakiwa, ukaanguka taratibu upande mmoja. Akausimamisha tena, safari hii kila ukiinama kidogo mkono unaruka mbali. Ukapepesuka kushoto, kulia, kila mara zaidi, hadi ukamponyoka. Mkono ni ule ule, kilichobadilika ni geini tu. Ufagio una mipaka miwili, wa chini na wa juu. Maji yetu yana wa juu tu: geini ikiwa ndogo hayaanguki popote, yanachelewa tu kufika kwenye 60.

"Na ule mwanya mwingine, wa fezi?" nikauliza.

Akaokota rula ya sentimita 30, robo ya urefu wa ufagio ule. Akajaribu, ikaanguka. Akarudia, ikaanguka. Kitu kilichofupishwa hadi robo huanguka kwa nusu ya muda, ilhali jicho na mkono bado vinahitaji kama sekunde 0.2 kujibu. Kwa ufagio ucheleweshaji huo unavumilika. Kwa rula, mkono unapofika mahali sahihi rula imeshahama, na sahihisho linageuka kuwa msukumo. Mwanya wa fezi ni kiasi cha ucheleweshaji ambacho mfumo bado unaweza kumeza kabla hilo halijatokea, kikipimwa kwa nyuzi za mzunguko mmoja wenye nyuzi 360.

Simu tena. Akaiacha ilie.

Tukafuata bomba. Kihisi cha joto kilikuwa kimehamishwa wakati wa matengenezo, mita 6 mbele ya kilipokuwa, na maji yanatembea mita 1 kwa sekunde. Kwa hiyo kidhibiti kinaona habari za sekunde 6 zilizopita. Wimbi la sekunde 50 ni mizunguko 0.02 kwa sekunde, basi:

```
360 × 0.02 × 6 = 43.2
```

Kumbukumbu za zamani zilionyesha mwanya wa fezi wa nyuzi 50. Toa 43, zinabaki 7 hivi. Ndiyo maana mawimbi yalikuwa hayataki kufa. Na ushauri wa simu, kuongeza nguvu, ungetupeleka moja kwa moja kwenye ile geini ya 6.

Sijui tulikula saa ngapi. Kurudisha kihisi kunahitaji bomba lizimwe, na ruhusa ilikataliwa hadi wikiendi. Ikabidi tushushe geini hadi 2.5 na kupunguza pia intigrali, ile sehemu ya kidhibiti inayojumlisha kosa kadiri muda unavyopita. Mwanya wa geini ukawa 6 kwa 2.5, yaani 2.4. Mfumo sasa unajibu polepole zaidi, na zile sekunde 6 zinakula fezi kidogo: kwa mizunguko 0.01 kwa sekunde ni nyuzi 21.6 tu. Hapo ni kusubiri, kufungua bomba makusudi, kutazama mstari, kusubiri tena. Miguu inauma kuliko ukibeba mzigo. Mstari ukashuka, ukavuka 60 kidogo, ukatulia.

Jioni simu ya mwisho. Joto limetulia, akasema, lakini linachukua muda mrefu kupanda, hamuwezi kuliharakisha? Fundi akamjibu, "Wikiendi, bwana. Zima bomba nirudishe kihisi." Mimi nikaandika 2.5 kwenye daftari, na tarehe.