Mstari Uliopinda

Bahasha ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino: "Mashamba ya chai, Usambara." Ndani mlikuwa na picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja, iliyopigwa kutoka mlimani kuelekea bondeni. Haikuwa na tarehe wala jina la mpigaji. Mwaka huo, 2014, kazi yangu ilikuwa kupanga picha kuukuu za ofisi na kuandika chini ya kila moja: ni nini, wapi, lini. Nilikuwa na miezi mitatu tu kazini, na tayari nilijiona bingwa.

Chai niliikataa papo hapo. Shamba la chai lililokomaa, ukilitazama kwa mbali, karibu halina mistari. Vichwa vya mimea hukutana vikawa zulia, na kinachobaki kuonekana ni nyufa nyembamba za njia za wachumaji, zikipinda kufuata mteremko. Picha yangu ilikuwa na mistari iliyonyooka kama ya kitambaa cha kodrai, imelala kwenye tambarare, udongo ukionekana mweupe katikati yake. Minazi na mikorosho nayo haikufaa. Minazi hupandwa kama mita 9 kutoka mti hadi mti, mikorosho hata mita 12, kwa hiyo ukiwa juu unaona nukta nukta, si mistari. Nikamwendea mkuu wangu wa kazi.

"Mama, huu ni mkonge."

Akaishika picha kwenye mwanga wa dirisha. "Au mananasi?"

Swali lilinikera kwa sababu lilikuwa zuri. Nanasi na mkonge yote ni mimea ya majani makali yanayochomoza kama shada kutoka shinani, na yote hupandwa mistari miwili miwili, kisha ujia, kisha miwili tena. Ukikosa kitu cha kupimia, picha ya moja inaweza kupita kuwa ya nyingine. Tofauti ni ukubwa. Mkonge wa mistari pacha huachiwa mita 1 kati ya mstari na mwenzake, na sentimita 80 kati ya mche na mche. Kisha huja ujia wa mita 4, ndimo mkataji anamotembea, maana kule katikati ya mapacha miiba haimruhusu mtu kupita. Hesabu hiyo inatoa miche 5,000 kwa hekta. Ujia wa mananasi ni kama robo tu ya huo.

Kilichoniokoa kilikuwa pembeni kabisa, chini kushoto: trekta na trela yake, vimeingia kati ya mistari na nafasi bado ikabaki kila upande. Trekta haliingii kwenye ujia wa mananasi bila kuyaponda. Mama akaguna, akanirudishia picha. "Haya. Sasa niambie wapi."

Hapo ndipo nilipoharibu.

Nilifungua Google Earth, nikaanza kutembea juu ya mashamba ya mkonge ya mkoa wa Tanga, shamba baada ya shamba, nikitafuta mahali ambapo mistari inauelekea mlima kwa pembe ileile niliyoiona pichani. Siku ya tatu nikapata. Ilikuwa upande wa Korogwe: mlima upo nyuma, barabara ipo mbele, mistari imelala vilevile. Nikaandika lebo kwa herufi kubwa, nikaenda nyumbani nikijisikia kama mtu aliyeokota almasi.

Mama hakuikubali lebo wala hakuikataa. Alinipa nauli na jina la mzee mmoja mstaafu, aliyewahi kuwa nyapara wa upandaji katika mashamba ya mkonge kwa miaka mingi. "Mwonyeshe picha," alisema. "Lebo yako usimwonyeshe."

Nilimkuta amekaa barazani. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu, karibu." Nikampa picha na lenzi ya kukuzia. Lenzi akaiweka chini, akatoa miwani yake, akaitazama picha kimya kwa muda uliotosha mimi kumaliza glasi ya maji. Kisha akauliza picha ilipigwa lini. Nikasema sijui, labda miaka arobaini iliyopita.

"Na wewe ulilinganisha na ya lini?"

"Ya mwaka jana, mzee."

Alicheka, lakini si kwa kunidhihaki. Mkonge, alinieleza, haukai shambani milele. Unaupanda, baada ya miaka miwili au mitatu unaanza kuukata majani, unaendelea kukata mwaka hadi mwaka, na ukifika kama miaka minane hadi kumi na miwili unatoa mlingoti. Huo ni ule mti mrefu wa maua, unaopita mita 5, na mmea ukishautoa unakufa. Basi kipande kinang'olewa, ardhi inapumzishwa, kinapandwa upya. Akija mkuu mwingine wa shamba, au maji ya mvua yakiwa yameanza kula udongo, mistari mipya inaweza kugeuzwa ielekee kwingine kabisa. Mistari niliyoiona kwenye setilaiti huenda ilikuwa kizazi cha tatu au cha nne tangu ile ya pichani. Nilikuwa nimemtambua mtu kwa shati alilovaa.

Kulikuwa na kosa la pili, ambalo nililigundua mwenyewe nikiwa nimeketi pale. Mistari sambamba ukiitazama kutoka mlimani haionekani sambamba. Inafunguka kama vijiti vya kipepeo cha mkononi, na pembe unayoisoma inategemea mpigapicha alisimama wapi. Mimi nilikuwa nimeipima kwa rula juu ya karatasi, kana kwamba kamera ilikuwa ndani ya ndege.

"Usitazame mistari," mzee alisema. "Tazama inapoishia."

Akanionyesha kwa ncha ya ukucha. Upande mmoja wa kipande kikubwa, mistari haikuishia sawa. Kila mmoja ulikuwa mfupi kidogo kuliko jirani yake, mpaka wa mwisho ukabaki na miche michache tu, na ukingo wote ukawa kama meno ya msumeno. Hiyo, alisema, ni mistari mifupi. Inatokea pale kipande kinapokatwa na kitu kinachopita mshazari, ambacho mpandaji hana uwezo wa kukihamisha: mto, reli kubwa, au njia ya toroli inayopeleka majani kwenye mashine ya korona kusagwa ili nyuzi zitoke. Mkonge utang'olewa, meno yatabadilika, lakini ule mshazari utabaki palepale.

Kisha akaichukua tena lenzi, na safari hii akaitumia. Akainamia picha hadi pua ikakaribia kuigusa.

"Tazama huyu."

Karibu na katikati ya kipande, jozi moja ya mistari ilikuwa na kijipindo, kama uzi uliovutwa kwenye nguo. Jozi iliyofuata nayo imepinda mahali palepale, na ya tatu, na ya nne. Baadaye ghafla mistari inanyooka tena. Nilikuwa nimeitazama picha ile siku nyingi na sikukiona.

Mzee akaniomba kamba ya kiatu changu. Akaifunga mafundo, akainyoosha sakafuni, akapanga njiti za kiberiti kwenye kila fundo. Ndivyo walivyopanda: kamba yenye alama kila sentimita 80, vigingi viwili, na fito za kupimia ule mita 1 na zile mita 4. Mstari wa kwanza unatolewa kwenye barabara. Mistari inayofuata haipimwi tena kutoka barabarani, inapimwa kutoka kwa mwenzake uliotangulia, kwa sababu ni haraka zaidi. Akaisukuma kamba kidogo kwa kidole katikati. "Hapa kamba imenasa kwenye kisiki. Aliyepima hakuona, akapanda. Wa pili akampima wa kwanza, wa tatu akampima wa pili." Kosa linarithiwa hivyo mpaka nyapara apite, agombe, waanze upya kutoka barabarani. Akahesabu kwenye picha: jozi saba. "Huyu nyapara alichelewa."

Nilirudi ofisini na vitu viwili, mshazari na kijipindo. Kabatini tulikuwa na picha za anga za ukanda ule, zile za karatasi za sentimita 23 kwa 23, ambazo pembeni huonyesha saa, kimo cha ndege na namba ya picha. Zetu zilikuwa za kipimo cha 1:25,000. Katika kipimo hicho mita 5, yaani jozi moja na ujia wake, ni milimita 0.2 tu kwenye karatasi. Jicho tupu linaona kivuli cha kijivu. Kwa lenzi ya kukuza mara kumi mistari inatokea, na nikihesabu ndani ya milimita 5 napata kama ishirini na tano. Mananasi yasingehesabika hata kwa lenzi.

Nilianza na mishazari, nikifuata ukingo wa milima kutoka Mombo kuelekea Mazinde, ambako reli ya Tanga kwenda Moshi inapita tambarare chini ya Usambara Magharibi. Vipande vya pembe nne nikaviruka vyote. Alasiri ya siku ya pili nikapata kipande chenye ukingo wa msumeno. Nikaisogeza lenzi taratibu kuelekea katikati, na kijipindo kikawa pale. Jozi saba. Nilihesabu mara tatu.

Picha ya anga ilikuwa ya 1964, na ndani yake miche ilikuwa bado midogo, kama ya miaka miwili, udongo mwingi ukionekana, mistari myembamba. Kwenye picha ya mlimani kipande kilekile kilikuwa na milingoti, nilikuwa nimeidhania mikwaruzo ya filamu. Kijipindo kimoja kinamaanisha upandaji mmoja, kwa hiyo miaka kati ya picha hizo mbili haiwezi kuzidi umri wa mkonge. Nikaandika: "Mkonge, tambarare chini ya Usambara Magharibi, 1970 hadi 1974."

Mama alisoma, akachukua penseli. "Hiyo 1974 umeitoa wapi?" Nikaeleza miaka kumi na miwili ya mkonge. "Na kwenye udongo uliochoka?" Nikanyamaza, kwa sababu mzee alikuwa ameniambia kwamba kwenye ardhi mbovu mkonge unakawia, na pasipokatwa vizuri mambo hubadilika tena. Akafuta miaka yote miwili, akaandika "mwanzoni mwa miaka ya 1970".

Bahasha nilitaka kuitupa. Akanizuia, akaigeuza mkononi. Chai ya Usambara inalimwa juu milimani, alisema, na huyu alipiga picha akiwa juu. Huenda aliyeandika alitaja mahali aliposimama mpigapicha, si kile alichokipiga. Tukairudisha picha ndani ya bahasha yake.