Siku moja na mama mzaa chema

Saa 1 asubuhi. Kabla ya chai nafua sponji na brashi zangu za mekapu. Leo Tanga mjini nina mteja mmoja tu, na si bi harusi. Ni mama yake, ana miaka 63. Nyuso za watu wazima ndizo ninazozipenda kuliko zote, na nimezijifunza kwa machungu: mwaka juzi nilimpaka shangazi yangu poda nyingi chini ya macho, na picha zote za usiku ule zikamtoa ameongezeka miaka kumi.

Saa 4. Nafika kwake Ngamiani. Nyumba imejaa watu, mchele wa pilau unachambuliwa uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tafadhali usinipake sana. Harusi ya kaka yake bi harusi nilipakwa, isha haijaadhiniwa uso umeshapasuka kama tope lililokauka."

Namkalisha dirishani nimtazame. Hedhi ikishakoma, mafuta ya ngozi hupungua na ngozi yenyewe huwa nyembamba. Fondesheni nzito na poda hukauka juu yake. Akicheka ngozi inakunjika, na kile kilichozidi hujikusanya kwenye mkunjo. Joto letu la pwani nalo huwatisha wapambaji, wanaogopa jasho, basi wanazidi kumwaga poda.

Najaribu rangi kwenye taya, kisha naondoka. Kumpaka sasa ni kazi bure, kwani adhuhuri na alasiri atatia udhu.

Saa 10 alasiri. Ameshaswali, na anasema atautunza udhu wake mpaka magharibi. Nampaka losheni ya uso, halafu nasubiri dakika kumi nzima. Losheni isiponywewa, fondesheni huteleza juu yake na kujikunja vijidonge.

Fondesheni nachukua nyepesi, ya majimaji, naanzia katikati ya uso na kuitandaza nje kwa sponji yenye unyevu. Nagonga tu, siburuti. Pembeni, karibu na ushungi, inabaki ngozi yake mwenyewe.

Saa 10 na nusu. Sasa chini ya macho, na hapa sina haraka. Mama ana vifuko, na chini ya kila kifuko kuna mstari wa kivuli. Wengi hupaka konsila nyeupe kifuko chote. Rangi nyeupe hurudisha mwanga, kwa hiyo kifuko ndio kwanza kinatokeza, na kwa mtu mweusi eneo hilo hugeuka jivu. Mimi naanza na rangi ya chungwa, utando mwembamba, kuua ule weusi wa buluu. Kisha kwa brashi ndogo natia konsila ya rangi ya ngozi yake ndani ya mstari wa kivuli peke yake, nukta moja kona ya ndani ya jicho, na nyingine kona ya nje, nikiipandisha kuelekea panja. Kifuko chenyewe sikigusi. Hakitatoweka, mekapu haiinui nyama. Inachoweza ni kuhamisha kivuli.

Poda? Kwanza namwambia atazame juu, nafuta kilichojikusanya kwenye mikunjo kwa kidole cha pete, na papo hapo nabandika poda kidogo sana. Kwingine ni puani na katikati ya paji basi.

Saa 11. Kope zake zimeshuka, zinafunika mkunjo wa jicho. Ukimchora akiwa amefumba macho, akifumbua rangi yote imemezwa. Kwa hiyo anatazama mbele, macho wazi, nami napaka kahawia isiyong'aa juu kidogo ya mkunjo wake. Vya kumetameta nimeviacha mkobani, kwenye kope iliyosinyaa vinaanika kila kunyanzi. Wanja wa juu naukata pale jicho linapoanza kuinama, mkia nauelekeza juu. Nyusi nazo: mkia usishuke chini ya pale nyusi inapoanzia.

Blasha ya krimu inakaa juu ya mfupa wa shavu, ikipanda kuelekea panja. Ukiiweka kwenye tufe la shavu akiwa anacheka, akinyamaza itashuka nalo.

Saa 11 na nusu. Nawaomba shemeji zake wamchekeshe. Wanamtajia mahari aliyolipiwa yeye. Anacheka hadi machozi, nami namtazama kwa karibu: mstari mmoja umejaa, kushoto. Sipaki kitu juu yake. Nagonga kwa sponji tupu, unaondoka. Mdomo nauzungushia penseli kwanza, rangi isitambae kwenye vijistari vya juu.

Saa 3 usiku. Nimekaa nyuma ukumbini. Taarabu imepamba moto, mama anamtunza mwimbaji noti mkononi. Anaponiona anakuja, ananiinamia.

"Nitazame. Kumepasuka?"

Namsogeza kwenye taa. Puani panang'aa kidogo, nabandika tishu. Chini ya macho pako vile vile.

"Bado mama. Rudi ukacheze."