Kistari, mkato na alama ya X

Binti yangu alikuwa anatafuta karatasi ya kuwashia jiko, akaibuka na lile daftari la madeni. Mbele kuna majina ya watu waliokopa sukari, nyuma kuna hesabu zangu za kurisiti. Akauliza, "Mama, hivi vialama vya pembeni ni vya nini? Mwalimu alikuwa anasahihisha?"

Sikumjibu papo hapo. Nililichukua daftari nikaenda kukaa nalo uani.

Ilikuwa 2011. Mama alikuwa hospitalini na baba mdogo, duka nimeachiwa mimi, na Hisabati ndiyo iliyoniangusha. Mtoto wa baba mkubwa aliyekuwa chuoni alipokuja likizo alinikuta nimelalia kitabu juu ya mzani. Akanieleza habari za Mwitaliano mmoja, Francesco Cirillo, ambaye akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980 alichukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akawa anasoma kwa kuipimia. Ndiyo maana vipindi vyake vikaitwa pomodoro, yaani nyanya kwa Kiitaliano. Unasoma dakika 25, unapumzika 5, ukifikisha vipindi vinne unapumzika dakika 15 hadi 30. Kipindi kikitimia unaweka X. Wazo la kwako mwenyewe likikutoa kwenye kitabu, unaweka mkato mdogo juu, hivi: '. Mtu mwingine akikutoa, unaweka kistari. Na sheria kubwa ya kaka ilikuwa hii: kipindi hakigawanyiki. Kikikatika kimekufa, anza upya.

Jioni hiyohiyo nilitega simu yangu ya tochi dakika 25. Duka letu lilikuwa barabarani, na kuanzia magharibi hadi saa mbili usiku watu hawakatiki: kiberiti, unga nusu, vocha, chumvi. Nikaanza, nikakatwa, nikaanza upya. Nilifuta vipindi sita. Cha saba kilifika dakika ya 22 na nilikuwa katikati ya swali hili:

2x² − 7x + 3 = 0

Nilikuwa nimezidisha 2 kwa 3 nikapata 6, natafuta namba mbili ambazo ukizizidisha zinatoa 6 na ukizijumlisha zinatoa −7. Nikasikia sarafu inagongwa kwenye wavu. Mtoto wa kiume, labda wa miaka sita, ameshika kikombe cha plastiki cha kijani kilichotoboka karibu na mdomo, kakiziba kwa kidole gumba. "Dada, mafuta ya mia mbili."

Nikasema, "Subiri!" bila kuinua uso.

Akasubiri. Namwona hadi leo, ingawa wakati ule sikumtazama: ule ukimya wa mtoto anayeogopa kurudi nyumbani mikono mitupu, sarafu ikigusa wavu tena, safari hii taratibu. Nikapata −1 na −6. Nikaandika 2x² − x − 6x + 3. Simu ikalia. Nikaweka X, nikainuka nikiwa na furaha kabisa, na dirishani hapakuwa na mtu. Ng'ambo ya barabara muuza duka mwenzetu alikuwa anamiminia mafuta kwenye kile kikombe cha kijani.

Mama aliporudi alikuwa ameshazisikia habari, sijui kwa nani. Akasema tu, "Mwanangu, mteja hasubiri kengele."

Siku nne zilizofuata sikutega saa. Nilisoma nikiweka alama tu, kistari na mkato, na kuandika saa kila nilipokatwa. Nikaona mambo mawili. Kwanza, karibu nusu ya alama zilikuwa mikato: mimi mwenyewe nimekumbuka kuangalia simu, au kupanga sabuni. Hizo nilizitibu kwa kuandika lile wazo pembeni ya karatasi na kuendelea. Pili, kati ya mteja na mteja pale magharibi nilikuwa napata dakika 8, mara 12, mara chache sana 15. Kwa hiyo dakika 25 hazikuwa na mahali pa kukaa hata ningejitahidi vipi.

Nikateremka hadi dakika 10, mapumziko 3. Na ile sheria ya kufa nikaiacha: mteja akija nasimamisha saa, akiondoka naiendeleza ilipobakia. Lakini kusimamisha saa peke yake hakukusaidia, kwa sababu nilikuwa narudi kwenye kitabu nikitazama swali kama la mtu mwingine, natumia dakika nzima kujiuliza −6x imetoka wapi. Dawa ikawa mstari mmoja. Kabla sijainuka, hata mteja awe amesimama, naandika hatua inayofuata. Siyo niliyofanya, inayofuata. Hapa daftarini bado ipo, kwenye swali lilelile nilipolirudia: "toa x nje kwa mbili za kwanza, −3 kwa mbili za mwisho." Kinafuata kistari, mtu wa unga. Halafu mwandiko unaendelea bila kuyumba:

x(2x − 1) − 3(2x − 1) = 0

na jibu, x = ½ au x = 3. Kuandika ule mstari hakuzidi sekunde tano, na mteja haoni kama amecheleweshwa. Mteja akikaa zaidi ya dakika tano, hasa wale wa kuhesabiana madeni, basi kipindi nilikuwa nakiacha kweli na kulisoma swali tangu mwanzo, maana kichwa kinakuwa kimeshajaa hesabu nyingine.

Kosa nililochelewa kuliona ni kuhesabu muda wa mteja kuwa mapumziko. Nilikuwa najiambia nimepumzika tayari, nimesimama nimepima sukari. Kumbe kupima sukari na kurudisha chenji ni kazi. Kufikia saa tatu nilikuwa nakosea hata kujumlisha. Ndipo nikaanza kuzitumia zile dakika 3 kutoka nje ya kaunta, bila kitabu wala pesa mkononi.

Kuna maswali ambayo dakika 10 hazikuyaweza. Takwimu, kwa mfano, unachora jedwali, unajaza marudio, unatafuta wastani. Ukilikata vipande linakupotea. Hayo niliyapeleka alfajiri kabla ya kufungua duka, na huko dakika 25 za kaka zilikaa vizuri kabisa. Baadaye sana nilisoma kwamba hata Cirillo alianza kwa kujiuliza kama anaweza kusoma kweli kwa dakika 10 tu. Laiti kaka angeniambia hilo.

Nilipata C. Sijui kama ni vipindi vifupi, ule mstari mmoja, au zile alfajiri. Nimejiuliza mara nyingi na sijapata jibu ninaloliamini.

Binti yangu alinifuata uani. Nikamweleza kistari, nikamweleza mkato. Akafungua ukurasa wa siku ile ya kwanza, akahesabu vistari kwa kidole, sita, akafika chini.

"Na hii X moja, ndiyo ulifanya vizuri?"

Yule mtoto hana kistari kwenye ukurasa ule. Sikuinua uso, kwa hiyo sikumwandika.

Nikamwambia binti yangu aniletee kikombe, nimwonyeshe kitu.