Video ya kufunga mashine kwa kufuli: hatua ya sita imekula muda wote

Sehemu ya vitendo imeshapigwa, imebaki kuhariri. Video inamfundisha fundi kuifunga mashine kabla hajaingiza mkono ndani yake. Mashine yenyewe ni mkanda wa kusafirishia maboksi: una mota ya umeme, pamoja na silinda ya upepo inayosukuma maboksi pembeni.

Hatua zitakazoonekana kwenye skrini ni hizi:

1. Waarifu wanaoitumia.
2. Izime kwa kitufe chake cha kawaida.
3. Kata umeme kwenye swichi kuu, funga valvu ya upepo.
4. Piga kufuli lako kwenye vyote viwili, ning'iniza lebo yenye jina lako.
5. Toa nguvu iliyobaki ndani.
6. Jaribu kuiwasha.

Nne za mwanzo zilikwenda haraka. Hatua ya tano nimeipiga kwa karibu kabisa, maana valvu ikifungwa, upepo ulioko kwenye mipira bado unaweza kuisukuma silinda. Kamera inakaa kwenye geji hadi mshale ushuke kwenye sifuri. Sikutaka kuharakisha picha hapo. Anayejifunza aone kwamba kuna kusubiri.

Kazi ilikuwa ya sita. Kwenye mazoezi, fundi wetu alibonyeza kitufe cha kuwashia, mkanda ukatulia tuli, kila mtu akaridhika. Msimamizi wake akauliza, "Na hicho chekundu?" Kitufe cha dharura kilikuwa bado kimebonyezwa. Kikiwa hivyo, mkanda usingewaka hata kama umeme ungekuwa haujakatwa kwenye swichi kuu, kwa hiyo jaribio lile halikuthibitisha chochote kuhusu kufuli. Hali ni ileile mlango wa kinga ukiwa wazi, au ukibonyeza kitufe cha paneli nyingine.

Basi tukaipanga upya: fundi anahakikisha hakuna mtu karibu na mkanda, anafunga mlango wa kinga, anazungusha kitufe chekundu kiachie, ndipo anabonyeza cha kuwashia. Kisha anabonyeza cha kuzimia, ili mashine isije ikaondoka yenyewe umeme ukirudi.

Kipande hiki chote, tangu kufuli linapolia "kli" hadi kitufe kubonyezwa, nimekipiga bila kukata. Ukikata katikati, mtazamaji ana haki ya kushuku kwamba umeme ulizimwa kwingine. Msimulizi naye ananyamaza anapobonyeza. Mlio wa mota umesikika mwanzoni, kwa hiyo ukimya unajieleza.

Nimeandika pia sentensi moja kwamba jaribio hili halitoshi kwa anayekwenda kugusa nyaya. Huyo apime kwa mita, na mita yenyewe aijaribu kwenye umeme unaojulikana upo, kabla na baada ya kupima. Hiyo itakuwa video yake.

Kinachofuata ni kupiga sehemu ya kufungua: kuhesabu vifaa, kurudisha vizuizi, na kila kufuli kutolewa na aliyelipiga.