Sababu za Nini?

Posa ya mdogo wetu imepita salama, mahari imekubaliwa na mama kacheka mpaka akasahau miguu yake. Mimi nimekwama kwenye maneno ya ofisini. Yule mwenzangu wa meza ya dirishani alichukua mwongozo wangu wa kusahihishia zoezi la nyakati la Kidato cha Pili, akausoma wima wima, akasema, "Dada, sababu za nini zote hizi? Mtoto anataka jibu, apate maksi, aende zake." Nikamjibu, "Haya, kaka." Haya! Tangu hapo namjibu vizuri nikiwa naosha vyombo.

Kila kitenzi nimekiwekea sababu ya mstari mmoja. "Bibi huamka alfajiri": hu-, mazoea. "Alikwenda sokoni akanunua nazi": -ka-, tendo limefuata lililotangulia. Hayo hayana ubishi. Kazi ilikuwa swali la saba: "Tulipofika, mlinzi (lala) getini." Ningeandika tu "wakati uliopita" nisingesaidia kitu, maana alilala nayo ni wakati uliopita, na ndiyo waliyoandika wengi. Sababu isiyoweza kulikataa jibu lisilofaa ni pambo. Nikaandika: alikuwa amelala, usingizi ulitangulia kufika kwetu.

Nilipowasomea, kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Kwa hiyo Mwalimu, mimi nimeandika kwamba alituona ndiyo akalala?"

"Ndiyo maana yake."

"Labda anadaiwa."

Darasa zima hoi, na mimi pia. Mwenzangu angeyasikia haya!

Walipotulia, binti wa mbele akauliza kitu kizito zaidi. Daftarini kwake -me- ni "tendo limekwisha". Kama limekwisha, mbona mlinzi bado anakoroma? Nikawaandikia ubaoni amekula na amelala. Aliyekula hali tena. Aliyelala, kilichokwisha ni kule kuingia usingizini. Usingizi wenyewe unaendelea. Ndivyo walivyo amekaa, amesimama, amevaa. Akaniuliza kuhusu alikuwa analala. Nikamwambia huyo ndiyo kwanza anajinyoosha, au ndipo alipokuwa akilala siku zote, na sentensi yetu haisemi hivyo. Akaandika pembeni, kwa maneno yake: "-me- ya lala, kaa, vaa: hali bado ipo." Fupi kuliko yangu. Nimeihamishia kwenye mwongozo kama ilivyo, na nakala nimeiacha kwenye meza ya dirishani, bila salamu.

Sasa mawingu haya. Fundi wa bati kala hela ya usafiri na simu hapokei, na kile chumba cha watoto mnakijua kinavyovuja.