Kadi ya pole iliyorudishwa mezani kwangu

Ijumaa supavaiza alinirudishia kadi. Ni ya kumpa pole mzee wa foklifti, jirani yangu wa kazi hapa ghalani Hamburg, kalazwa. Kadi inazunguka ndani ya bahasha yenye majina yetu. Ukishasaini unatia tiki na kutumbukiza euro 3. Mimi nilijaza robo ya ukurasa: "Pole sana mzee wetu, tumeshtuka mno, kwani unaumwa nini? Tunakesha tukikuombea Mungu akuvushe. Rudi upesi." Supavaiza, dada mmoja, akaniambia polepole: akisoma haya, mgonjwa atadhani madaktari wametunong'oneza kitu wakamficha yeye.

Nilinuna hadi saa ya chai. Kwetu mtu akilazwa tunabeba chupa ya uji, tunazunguka kitanda, na swali la kwanza ni daktari kasemaje. Ukileta utani unaonekana huna utu. Huku hata bosi hajui mtu anaumwa nini. Tangu 2023 taarifa anaivuta kwa mtandao kutoka bima, na humo anakuta tarehe tu. Kwa hiyo kuuliza kwenye kadi inayosomwa na zamu nzima ni kumvua mzee nguo. Na ile "rudi upesi" yangu kumbe inasikika kama namhesabia siku, wakati wiki 6 za kwanza mshahara unaingia kamili. (Wenzangu wa makundi ya michango ya hospitali, hapo mmenielewa.)

Tukaandika upya. Utani tukaupeleka kwenye foklifti, mwili wake tukauacha. Kijerumani kina "wewe" ya rika na "wewe" ya heshima. Ghalani karibu wote tunaitana ile ya rika, lakini mzee ana miaka 61 na hajawahi kunikaribisha huko, na anayekaribisha ni mkubwa. Nikashika ya heshima:

"Mzee wetu mpendwa, foklifti yako imegoma. Kila anayeikalia inamzimikia mlangoni. Tumeiambia ivumilie, nawe upumzike mpaka utakapojisikia sawasawa. Usihangaike kujibu. Tunakutakia nafuu njema, sote wa zamu ya asubuhi."

Basi. Hakuna kukesha, hakuna kuvushwa. Mnaojiandaa kuja, mnakariri sarufi usiku kucha, lakini hili darasani hawakufundishi. Na ukienda kumwona usibebe ua la kwenye chungu, udongo una vijidudu na wauguzi watakuzuia mlangoni. Maua ya kukatwa ni sawa, ila uliza kwanza kama wodi inaruhusu.

Bado naona kadi yangu ya kwanza ilikuwa na upendo zaidi, mseme msemavyo.

Jana jioni simu ikalia, ujumbe kutoka kwa mzee: "Nani anaikalia? Mwambie asiguse kiti changu, nimekipima mwenyewe. Na wewe, asante." Hiyo "wewe" nikaisoma mara tatu. Ilikuwa ile ya rika.